Sato, sombe na saa 12:00: kutafsiri menyu na ratiba ya harusi Mwanza

*Shikamoo mtaalamu. Mimi ni katibu wa kamati ya harusi ya dada yangu hapa Mwanza. Shemeji yetu ni Mkongo wa Bukavu anayeishi Ubelgiji, kwa hiyo tutakuwa na ndugu zake wa Bukavu, marafiki zake Wabelgiji wanaoongea Kifaransa, wenzake wachache wa Kiingereza, na wazee wetu wa Kwimba ambao ni Kisukuma tu. Nimepewa kazi ya kutafsiri menyu na ratiba. Mpishi amenipa majina tu: pilau, ndizi nyama, ugali, sato, sangara, dagaa, kuku wa kienyeji, kisamvu, mboga, maharage, kachumbari na ndafu. Ratiba inaanza saa 12:00 jioni. Nianzie wapi, na je, niweke lugha zote nne kwenye kadi moja?*

Marahaba, mdogo wangu, na hongereni kwa shughuli. Lugha nne kwenye kadi moja usiziweke. Mgeni aliyesimama kwenye foleni ya chakula, sahani mkononi, hana nafasi ya kutafuta mstari wake katikati ya maandishi ya wenzake. Chapisha matoleo matatu, la Kiswahili, la Kifaransa na la Kiingereza, kila moja kwenye kadi yake. Wazee wa Kwimba nitawarudia baadaye, maana wao shida yao haitatuliwi kwa karatasi.

Ila hiyo karatasi ya mpishi usiiguse kwanza, kwa sababu bado haitafsiriki. Jina la chakula linamwambia kitu yule tu aliyewahi kukila. Ukimpa mfasiri wa Kifaransa neno "kisamvu" peke yake, atafanya moja kati ya mawili: ataliacha lilivyo, au atabuni. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kwenda kwa mpishi na daftari, na kwa kila jina umuulize mambo matatu: hiki ni mnyama gani au mmea gani, kinapikwaje, na kinaungwa na nini. Majibu yaandike kwa Kiswahili, mstari mmoja mmoja. Huo mstari ndio utakaotafsiriwa. Jina lenyewe halitafsiriwi, litabaki lilivyo juu ya maelezo, kwa sababu mgeni akitaka kuuliza atamuuliza mhudumu, na mhudumu anajua "sato", hajui maelezo yako ya Kifaransa.

Chukua hicho kisamvu. Ukirudi kutoka jikoni, daftari lako linapaswa kusomeka hivi: "Kisamvu: majani ya muhogo yaliyotwangwa na kupikwa kwa karanga za kusaga. Hakina nyama." Hapo mfasiri yeyote anaweza kufanya kazi. Na angalia kilichojitokeza: karanga. Kwenye orodha ya mpishi hazimo kabisa, wala yeye hakuona haja ya kuzitaja, maana kwake kisamvu ni cha karanga, hilo halina mjadala. Kwa mgeni mwenye mzio wa karanga, hiyo ni habari inayoweza kumpeleka hospitali usiku ule ule.

Hao Wabelgiji wametoka kwenye nchi ambako sheria ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika Desemba 2014, inazilazimisha hoteli na migahawa kumjulisha mteja kama chakula kina chochote kati ya vitu 14 vinavyosababisha mzio. Wamezoea kuviona vimeandikwa, hivyo wasipoviona wanaweza kudhani havimo. Huhitaji kuorodhesha vyote 14. Kwenye menyu yako vya kufuatilia ni samaki, karanga, ngano, maziwa na mayai, na usisahau vile viungo vya mchuzi vya pakiti na vya kidonge, ambavyo mara nyingi vina ngano, soya au selari. Soma pakiti yenyewe jikoni. Uliza pia mafuta: kama sangara anapakwa unga wa ngano na kukaangwa kwenye karai lile lile linalokaanga kuku, basi kuku naye aandikwe kwamba amepita kwenye mafuta ya samaki na ngano. Mpishi atakuona unamsumbua. Msumbue.

Kuna maneno mawili kwenye hiyo orodha ambayo nayahofia kuliko yote kwa sababu yanaonekana mepesi. La kwanza ni "mboga". Sisi tukisema mboga tuna maana ya kitoweo chochote kinachoteremshia ugali, na ndiyo maana mtu anaweza kusema mboga ya leo ni samaki bila kucheka. Mfasiri ataandika neno la mboga za majani, asiyekula nyama atapakua kwa raha zake, kumbe ni mchicha uliotiwa dagaa. Andika ni majani gani na yameungwa na nini. Maharage nayo yaulizie, wapo wanaoyapika kwa supu ya ng'ombe. La pili ni "nyama". Kwetu nyama bila maelezo ni ng'ombe. Mgeni hajui hilo, kwa hiyo "ndizi nyama" iwe "ndizi mbichi za kupika, zimechemshwa pamoja na nyama ya ng'ombe". Hayo maneno "mbichi za kupika" yana kazi, la sivyo Mbelgiji atawaza ndizi tamu za kumenya, zimechanganywa na nyama, na ataipita sinia hiyo mbali. Kama kuna wageni Waislamu, andika vilevile nani amechinja. Na kama kamati itaongeza kitimoto dakika za mwisho, kiandike "nyama ya nguruwe" waziwazi kwenye matoleo yote matatu na kiwekewe meza yake. Nimeshakutana na karatasi ambayo kitimoto kilitafsiriwa neno kwa neno, kiti na moto wake.

Samaki wana njia yao. Kamusi nyingi hazina "sato", na zile zenye "dagaa" zitakupa jina la samaki wadogo wa baharini. Dagaa wetu wa ziwani si ndugu wa hao, ni wa ukoo mwingine kabisa. Mfasiri wa samaki hupitia jina la kisayansi. Sangara ni Lates niloticus, sato ni Oreochromis niloticus, na dagaa wa Ziwa Viktoria ni Rastrineobola argentea. Andika jina hilo kwenye Wikipedia, fungua ukurasa wake, kisha badilisha lugha ya ukurasa kwenda Kifaransa. Jina utakalolikuta hapo ndilo wanalolitumia wenyewe. Kwa sangara na sato njia hii inatosha. Sangara ndiye yule ambaye minofu yake inapakiwa viwandani hapa Mwanza kwenda Ulaya, hivyo huenda Mbelgiji wako ameshamla kwao bila kujua ametoka Mwanza. Kwa dagaa jina la Kifaransa halitamsaidia sana, kwa hiyo eleza tu: samaki wadogo wa ziwani, wamekaushwa juani, wamekaangwa wakiwa wazima, wanaliwa na kichwa. Hiyo habari ya kichwa usiifiche.

Sasa ndugu wa Bukavu. Wengi hukimbilia kuwapa kadi ya Kifaransa, na mimi siungi mkono. Bukavu ni mji wa Kiswahili. Kifaransa wamesoma shuleni, ila mezani wanaongea Kiswahili, na mama wa makamo wa Bukavu akipewa kadi ya Kifaransa kwenye ukumbi uliojaa Kiswahili anaweza kujiona ametengwa. Wape kadi ya Kiswahili, lakini ujue kwamba Kiswahili chao na chetu havikubaliani jikoni. Kisamvu wao ni sombe. Mchicha ni lengalenga. Ugali wanauita bugali au fufu. Dagaa ukiwaambia ndagala watakuelewa, na wafanyabiashara wa Kikongo wanaonunua dagaa pale Mwaloni Kirumba wanaweza kukuhakikishia. Sangara, kwa Mkongo anayejua samaki wa mtoni, ni kapitene. Sato mwite tilapia, inatosha.

Kwa hiyo kadi yako ya Kiswahili iwe na jina letu, kisha la kwao, kisha maelezo. "Kisamvu, yaani sombe: majani ya muhogo yaliyotwangwa, yamepikwa kwa karanga." Haichukui nafasi kubwa, na watu wa upande wa bwana harusi watajikuta wametajwa kwa lugha yao. Hii ndiyo sehemu ya kazi ambayo watafsiri wa haraka huiruka, kwa kudhani Kiswahili kwa Kiswahili hakuna cha kutafsiri.

Mtego mmoja wa upande huo huo uko kwenye ratiba. Kama mmeandika "Neno kutoka kwa bibi", sisi tutamtazama mama mzee wa familia. Kwa watu wa Bukavu bibi ni mke, kwa hiyo watageuza macho kwa mke wa msemaji aliyetangulia, au kwa dada yako mwenyewe. Andika "bibi mzaa mama wa bi harusi" na mambo yatanyooka. Vivyo hivyo kwa Kifaransa na Kiingereza, "baba mdogo" asitafsiriwe kwa maneno yake mawili, atatokea baba mfupi wa kimo. Mfasiri aandike "mdogo wake baba wa bi harusi". Shangazi awe "dada wa baba", mjomba awe "kaka wa mama". Wageni wataelewa kwa nini mjomba anapewa nafasi yake na baba mdogo anapewa yake, badala ya kuona wazee wawili wenye cheo kimoja wanapishana kwenye kipaza sauti.

Nije kwenye saa, ambako ndiko kuna hasara ya kweli. Ratiba yako inasema "12:00 jioni". Mtafsiri mzembe anabeba tarakimu kama zilivyo, na kwenye kadi ya Kifaransa 12:00 ni adhuhuri. Kuna watu watafika ukumbini jua likiwa la utosi, wakute vijana wanafunga vitambaa. Matoleo ya Kifaransa na Kiingereza yaandikwe kwa mtindo wa saa 24: saa 12:00 jioni inakuwa 18:00, saa 1:30 usiku inakuwa 19:30, saa 3:00 usiku inakuwa 21:00. Geuza kila mstari mmoja mmoja, kisha mpe mtu mwingine ahesabu upya, kwa sababu anayegeuza mfululizo huwa anapotea kwenye mstari wa katikati.

Usiku wa manane una ziada yake. Kama basi la kuwarudisha wageni hotelini linaondoka saa 6:30 usiku, sisi tunahesabu bado ni usiku wa Jumamosi. Kwa mgeni ni 00:30 na ni Jumapili. Ukimwandikia "Jumamosi 00:30", atasoma kwamba basi liliondoka tangu usiku wa jana yake, kabla hata ya ndoa kufungwa. Andika "00:30, usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili". Na ndugu wa Bukavu hesabu ya saa wanaijua kama sisi, ila saa yao ya nyumbani iko nyuma yetu kwa saa moja. Simu nyingi hujirekebisha zikipata mtandao wa huku, saa ya mkononi hairekebishiki yenyewe. Chini ya kadi weka mstari mmoja: "Saa zote ni za Mwanza."

Vipengele vya ratiba vyenyewe hutafsirika kirahisi kama neno na havisaidii kitu kama habari. "Utambulisho", "Ndafu", "Zawadi", "Nasaha": mgeni atayasoma kwa Kifaransa safi na bado hajui afanye nini. Kwa hiyo matoleo ya wageni yawe marefu kidogo kuliko la Kiswahili. Kila kipengele kijibu nani anafanya, na aliyekaa afanye nini. "Zawadi" kwa mfano: "Wageni wanaitwa meza kwa meza. Wanakwenda mbele kwa kucheza muziki, wanawapa maharusi mkono na kuacha zawadi au bahasha. Kucheza kunatarajiwa, ufundi hautarajiwi." Hiyo sentensi ya mwisho ni ya kwangu, waweza kuiondoa, lakini imeshawatoa wengi vitini.

Ndafu inahitaji maelezo mahali pawili, kwenye menyu na kwenye ratiba. Kwenye menyu: "mbuzi mzima aliyechomwa". Kwenye ratiba: "Mbuzi mzima aliyechomwa analetwa ukumbini akiwa amepambwa, kwa ngoma na vigelegele. Maharusi wanamkata na kuwalisha wazazi, halafu nyama inagawiwa. Desturi hii imetoka Uchagani na imeenea kwenye harusi nyingi Tanzania." Asiyekula nyama, au mtoto asiyezoea kuona mnyama mzima na kichwa chake, atakuwa amejua mapema kinachokuja. Orodha ya majina ya kamati nzima mnayoipenda kuichapisha nyuma ya kadi iacheni kwenye toleo la Kiswahili tu. Mbelgiji hana haja ya kumjua mweka hazina.

Kwenye meza ya chakula, msiandike vibao vya lugha tatu mbele ya kila sinia. Vitajaa, vitalowa mvuke, na mpishi akibadilisha mpangilio wa masinia, kama anavyobadilisha daima, kibao cha sato kitabaki mbele ya kuku. Kipeni kila chakula namba. Pilau ni 1, ndizi nyama ni 2, na kuendelea hadi 12, na namba hizo hizo ziwe kwenye kadi zote tatu. Mbele ya sinia kunakaa namba peke yake, kubwa, ya kuonekana kwa mbali. Kibao kinasafiri na sinia yake. Na chakula kikikosekana siku hiyo, tuseme sangara hakupatikana, mshereheshaji anatangaza "namba 5 haipo" na lugha zote zimeelewa. Kisichoruhusiwa ni kuweka kitu kingine kwenye namba 5 kimyakimya, maana mwenye mzio anafuata namba.

Wazee wa Kwimba mtafutie kila meza kijana mmoja wa familia anayekimudu Kisukuma sawasawa, akae nao tangu mwanzo. Mpe ratiba siku mbili kabla aisome. Kazi yake si kurudia kila neno la emsii. Ni kuwaambia nini kinafuata, nani anaongea na ametoka upande gani, na lini wao wanatakiwa kusimama. Kama mzee mmoja wao atatoa nasaha kwa Kisukuma, mwombe aseme kwa vipande, na mkalimani asimame karibu yake na kipaza sauti cha pili. Kupokezana kipaza sauti kimoja kunakula muda na kunamkata mzee maneno.

Kadi zikishatafsiriwa, usiridhike na "nimesoma, iko sawa". Mtafute anayesoma Kifaransa ambaye hajaona daftari lako, mpe kadi ya Kifaransa pekee, umuulize: namba 8 ina nini, asiyekula karanga ale zipi, basi linaondoka lini, na kipengele cha zawadi utafanya nini. Majibu yake yalinganishe na daftari la jikoni. Akikwama au akijibu tofauti, kosa liko kwenye kadi, na unajua mstari gani wa kurekebisha. Kisha peleka kwa mchapaji faili la PDF, usimpelekee maandishi ya kuchapa upya wala picha ya karatasi. Kifaransa kina herufi zenye alama juu na chini, na mchapaji akiandika upya kwa macho zitadondoka. Omba kadi moja ya mfano, uikague alama kwa alama kabla hajachapa zote. Acha pia nafasi kwenye mpangilio, maana Kifaransa chenye maelezo kitakuwa kirefu kuliko Kiswahili chako, na mchapaji akibanwa atapunguza herufi hadi wazee wa Kibelgiji wavae miwani.

Limebaki la vinywaji, ambalo haliishii kwenye kadi. "Vinywaji baridi" mfasiri aandike "vinywaji visivyo na kileo", la sivyo mgeni atajiuliza bia yenu inanywewa ya moto. Na kaa na wahudumu dakika kumi kabla wageni hawajaingia. Wamezoea kuuliza "baridi au moto?", na kijana mmoja mwenye Kiingereza cha kujaribu atamuuliza mgeni kama anataka soda ya moto. Wafundisheni waulize kama anataka iliyotoka kwenye friji au isiyotoka, au waje na chupa mbili mkononi, mgeni aguse mwenyewe.